Bakaa ya Milioni 17 na Darasa Lisilo na Milango

Leo nataka tuzungumze kuhusu fedha zinazotoka Serikali Kuu kuja kwenye halmashauri zetu zikiwa na masharti, na kuhusu taarifa ambayo halmashauri huiandaa kila baada ya miezi mitatu kueleza fedha hizo zimefanya nini. Nitatumia muda mwingi kwenye mfano mmoja, ujenzi wa madarasa mawili, kwa sababu ukiielewa taarifa ya madarasa mawili utaweza kuisoma ya zahanati, ya maabara, na ya nyumba ya mwalimu.

Tuanze na hayo masharti yenyewe. Halmashauri ya Wilaya ya Kibondo, kama zilivyo halmashauri nyingi za Tanzania, hukusanya mapato yake ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa soko, leseni, vibali. Lakini sehemu kubwa ya fedha inazotumia hutoka Hazina, nazo huitwa ruzuku. Kubwa kuliko zote ni mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine. Nyingine ni ile ya matumizi mengineyo, na ruzuku ya maendeleo, ambayo ndiyo inayojenga. Karibu zote zimefungwa kwa kazi maalumu. Fedha iliyokuja kwa jina la madarasa haiwezi kununua mafuta ya gari la idara, na iliyokuja kwa dawa haiwezi kulipa posho za kikao, hata kama kikao hicho ni muhimu.

Zamani palikuwa na ruzuku iliyowaachia madiwani nafasi zaidi. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, halmashauri zilipata fidia ya mapato ziliyopoteza, na fidia hiyo ilitumika kwa shughuli za jumla. Mwaka wa fedha 2004/2005 ikaanza ruzuku ya maendeleo iliyogawanywa kwa kanuni: asilimia 70 kwa kuangalia idadi ya watu, asilimia 20 umaskini, na asilimia 10 ukubwa wa eneo. Ili kuipata, halmashauri ilipimwa kwanza: je, vikao vya baraza vinafanyika? Mkaguzi wa ndani yupo? Hesabu zimefungwa kwa wakati? Iliyoshindwa haikupewa fedha za kujengea, ilipewa kidogo cha kuijengea uwezo ili ijaribu tena. Lile lilikuwa sharti la kuingilia mlangoni. Masharti ya siku hizi yamekaa zaidi kwenye mradi wenyewe: jengo gani, wapi, kwa kiasi gani, likamilike lini.

Hapa niseme jambo moja linalotuhusu sisi wa Kibondo na Kasulu. Kambi ya Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, zimekuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Shule na hospitali za ndani ya kambi zina mifuko yake na taarifa zake. Usizitafute kwenye taarifa ya robo ya halmashauri, hazimo. Vilevile kwa barabara za vijijini na za mitaa: tangu mwaka 2017 zipo TARURA. Maji vijijini yapo RUWASA tangu mwaka 2019. Mwananchi anayesimama kwenye mkutano kumuuliza diwani fedha za daraja zimekwenda wapi ana haki ya kuuliza, ila hesabu ya daraja hilo ameishika meneja wa TARURA wa wilaya, si mweka hazina wa halmashauri.

Sasa madarasa. Mwezi Oktoba 2021 Serikali ilizindua mpango wa fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndani yake palikuwa na madarasa 15,000 kwa nchi nzima: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilipewa shilingi milioni 20, na lilitakiwa liwe tayari wanafunzi wafunguapo shule Januari 2022. Milioni 20 Dar es Salaam, milioni 20 Kibondo. Hiyo ndiyo ruzuku yenye masharti katika sura yake iliyo wazi kabisa: kazi imetajwa, bei imetajwa, tarehe imetajwa.

Kiwango kimoja kwa nchi nzima ni rahisi kukisimamia. Anayesoma taarifa Dodoma anajua mara moja kwamba shule yenye madarasa manne imepewa milioni 80. Lakini mfuko wa saruji unapofika huku kwetu umeshabeba nauli ya safari ndefu, na mabati hivyohivyo. Halafu kuna mvua. Nyanda zetu hizi za juu hupata mvua kuanzia Oktoba hadi Aprili au Mei. Matofali ya kuchoma, ambayo ndiyo tunayojengea, hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi, Juni hadi Septemba. Kwa hiyo shilingi iliyofika Julai, robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, inakuta matofali makavu na barabara inapitika. Shilingi hiyohiyo ikifika mwishoni mwa Oktoba inakuta matofali yameadimika, mchanga umepanda bei, na lori linakwama njiani. Taarifa ya robo itaandika kiasi kilekile cha shilingi, ila uwezo wake wa kujenga umeshapungua.

Tuchukue shule ya mfano, nisiyoipa jina, katika kata mojawapo upande wa Nduta. Takwimu nitakazotaja ni zangu, za kufundishia tu. Shule imetengewa madarasa mawili, jumla milioni 40. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai.

Robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, taarifa inaonyesha bajeti milioni 40, zilizopokelewa sifuri, zilizotumika sifuri. Hapa hakuna wa kulaumiwa kwenye halmashauri, fedha hazijaja. Lakini safu hiyo ya sifuri ina maana kubwa, na mtu asiiruke. Inasema kiangazi kimepita.

Fedha zinaingia mwishoni mwa Oktoba. Ujenzi unafanywa kwa kutumia mafundi wa hapahapa, bila mkandarasi mkubwa. Shule inakuwa na kamati: ya manunuzi, ya mapokezi ya vifaa, na ya ujenzi yenyewe, zenye wanakijiji ndani yake. Mwalimu mkuu anasaini, mhandisi wa halmashauri anakuja kukagua kila hatua. Matumizi ya shule huingizwa kwenye mfumo wa FFARS, ule uliotengenezwa mahsusi kwa shule na vituo vya afya, na malipo ya halmashauri hupita kwenye MUSE. Mpango na bajeti vilikwishaingizwa mapema kwenye PlanRep. Nimeitaja mifumo hii mitatu kwa sababu ofisini utaisikia kila siku, na kwa sababu jina la mradi linapaswa kuwa lilelile katika yote mitatu. Likitofautiana, mradi mmoja unaweza kuonekana ni miwili, au usionekane kabisa.

Ifikapo Desemba 31, shule imelipa shilingi 22,400,000: matofali, saruji, nondo, mchanga, mbao za kupaulia, na awamu ya kwanza ya fundi. Kuta zimesimama, linta imefungwa, paa bado. Mabati ya shilingi 6,500,000 yameshaagizwa lakini hayajaletwa wala kulipiwa. Basi taarifa ya robo ya pili itasomeka hivi: bajeti milioni 40, zilizopokelewa milioni 40, zilizotumika 22,400,000, sawa na asilimia 56, bakaa 17,600,000. Kwenye safu ya utekelezaji imeandikwa: ujenzi unaendelea.

Diwani anayesoma harakaharaka anaona mambo ni mazuri. Fedha zimekuja zote, zaidi ya nusu imetumika, na bakaa ya milioni 17 na ushee bado ipo benki. Mimi nasema hapo ndipo pa kusimama na kalamu. Kwanza, ile bakaa si yote ya shule. Shilingi 6,500,000 tayari ni za mwenye mabati, kwa kuwa oda imeshatolewa. Zilizobaki huru ni 11,100,000.

Pili, na hili ndilo ninaloliona kuwa moyo wa mazungumzo haya: uliza kazi iliyobaki itagharimu kiasi gani. Mhandisi anakijua kiasi hicho, kimo kwenye makadirio yake. Tuhesabu pamoja, taratibu. Mabati 6,500,000. Plasta na sakafu 4,200,000. Milango na madirisha 3,800,000. Viti na meza za wanafunzi 4,000,000. Rangi na umeme 1,600,000. Salio la fundi 2,900,000. Ukijumlisha unapata milioni 23. Benki kuna milioni 17 na laki sita. Pengo ni shilingi 5,400,000.

Pengo hilo lipo tangu Desemba, lakini halionekani popote kwenye taarifa. Safu za bajeti, mapokezi, matumizi na bakaa haziwezi kulionyesha, kwa sababu zote zinaangalia nyuma. Linaonekana tu ukiweka safu ya gharama za kumalizia kando ya bakaa. Halmashauri yenye mweka hazina na afisa mipango makini huiweka. Isiyoiweka, madiwani wanaweza kuidai, na wala hawahitaji kibali cha mtu yeyote kuuliza swali hilo kwenye kikao.

Twende robo ya tatu, Januari hadi Machi. Mabati yamefika na kulipiwa, paa limeezekwa, plasta na sakafu vimekwisha, fundi amepewa 1,500,000 nyingine. Matumizi sasa ni 34,600,000, sawa na asilimia 86.5. Bakaa 5,400,000. Taarifa inapendeza kuliko ya robo iliyopita. Lakini madarasa hayana milango, hayana madirisha, hayana hata meza moja. Kazi iliyobaki inataka 10,800,000, na pengo ni lilelile, 5,400,000. Asilimia ya fedha imepanda hadi karibu 87, na mtoto bado hawezi kuingia darasani.

Kwa hiyo asilimia ya fedha na asilimia ya kazi ni vitu viwili. Taarifa nzuri huzitaja zote mbili, na ya kazi hueleza hatua kwa jina: msingi, boma, linta, kupaua, plasta, kumalizia. Maneno "ujenzi unaendelea" hayapimi chochote. Mwandishi wa taarifa anapoyatumia robo tatu mfululizo kwa mradi uleule, ni dalili kwamba hajaenda kuuona, au ameuona na hataki kusema. Vyovyote iwavyo, mhandisi anapaswa kupelekwa.

Kuna asilimia nyingine inayopotosha, nayo haihitaji mtu kudanganya. Tuseme halmashauri ya mfano ina bajeti ya miradi ya maendeleo shilingi bilioni 4 kwa mwaka. Ifikapo Desemba imepokea bilioni 1.5 na kutumia bilioni 1.44. Mwandishi mmoja ataandika: tumetumia asilimia 96. Mwingine ataandika: tumetumia asilimia 36. Wote wako sahihi. Wa kwanza amegawa kwa fedha zilizopokelewa, wa pili kwa bajeti ya mwaka. Asilimia 96 inaisifu halmashauri kwamba haikukalia fedha. Asilimia 36 inasema nusu mwaka umepita na zaidi ya nusu ya ahadi ya mwaka haijatimia. Ukisikia asilimia kwenye baraza, uliza ni asilimia ya nini kabla hujapiga makofi.

Taarifa hii inapita mikono ya nani? Inaanzia shuleni kwa mwalimu mkuu na kamati. Mtendaji wa kata anaiona, na Kamati ya Maendeleo ya Kata inapaswa kuijadili. Mkuu wa idara ya elimu anakusanya za shule zote, afisa mipango anaunganisha za idara zote, mweka hazina anazilinganisha na vitabu vya benki. Mkaguzi wa ndani naye huandika taarifa yake ya robo. Kisha inakwenda menejimenti ya mkurugenzi, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na hatimaye Baraza la Madiwani, ambalo hukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Kwa upande mwingine hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Kigoma, ambako huchambuliwa na kuunganishwa na za halmashauri nyingine za mkoa, kisha TAMISEMI na Hazina.

Katika msururu wote huo, kiungo ninachokiamini zaidi ni ziara ya kamati ya fedha kukagua miradi kabla ya kikao. Diwani aliyesimama mbele ya jengo lisilo na milango hawezi kusomewa "ujenzi unaendelea" akaridhika. Ninachosikitikia ni kwamba ratiba ya ziara mara nyingi hufuata barabara zinazopitika. Miradi ya kando ya lami na changarawe hukaguliwa robo baada ya robo, na ile ya ndani ndani hungojea kiangazi. Kama wewe ni mjumbe wa kamati ya shule iliyo mbali, usisubiri gari. Mpe diwani wako namba hizi mbili kabla ya kikao: zilizobaki benki, na zinazohitajika kumalizia.

Kwa zahanati utaratibu una tofauti kidogo. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, haziishii kwenye akaunti ya halmashauri. Mganga mfawidhi na kamati ya kituo ndio wanaozipangia matumizi, na mfuko huo hutolewa kwa robo. Halmashauri bado inawajibika kukusanya taarifa za vituo vyote na kuzipeleka juu. Kituo kimoja kikichelewa, taarifa ya wilaya nzima inakuwa na tundu, na taarifa yenye tundu huchelewesha mambo ya wengine ambao hawakukosea. Msukumo huo ndio unaomfanya mhasibu wa wilaya ampigie simu mganga wa zahanati ya mbali jioni ya tarehe za mwisho wa mwezi.

Turudi kwenye pengo letu la 5,400,000. Lizibwe vipi? Njia inayovutia ni kuchukua kwenye fedha nyingine yenye masharti iliyolala benki, tuseme ya maabara ya kata jirani, kwa nia ya kurudisha baadaye. Nia inaweza kuwa safi, lakini sharti limevunjwa, na sasa miradi miwili ina pengo badala ya mmoja. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akija ataandika hoja, na halmashauri inaweza kuitwa kujieleza mbele ya kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Njia halali ni tatu. Halmashauri inaweza kuchangia kutoka mapato yake ya ndani, kwa uamuzi wa baraza ulioandikwa. Wananchi wanaweza kuchangia mchanga, mawe, maji au nguvu kazi, na michango hiyo ithaminiwe kwa shilingi na kuingizwa kwenye taarifa, maana isipoandikwa itaonekana kwamba madarasa mawili yalijengwa kwa milioni 40 kamili, na mwaka ujao watu watapangiwa bei hiyohiyo. Au halmashauri iandike kuomba nyongeza au kubadilisha matumizi, ikiambatisha makadirio mapya ya mhandisi. Zote tatu zinahitaji muda. Pengo likisemwa Januari, kwenye taarifa ya robo ya pili, miezi mitano na zaidi ipo. Likisemwa Juni, hakuna hata njia moja itakayowahi.

Maana tarehe 30 Juni vitabu vinafungwa. Fedha ya maendeleo ambayo haijatumika haibaki kwa mazoea tu. Halmashauri inatakiwa imwandikie Mlipaji Mkuu wa Serikali kabla ya mwaka kwisha, ieleze kiasi, mradi, sababu ya kuchelewa na mpango wa kumalizia, ili iruhusiwe kuendelea nayo mwaka unaofuata. Hapo taarifa nne za robo ndizo ushahidi wake. Kama robo ya kwanza ilionyesha sifuri, na ya pili ikaonyesha fedha ziliingia mwishoni mwa Oktoba mvua ikiwa imeanza, sababu ipo kwa maandishi na tarehe zake. Kama robo zote ziliandika ujenzi unaendelea, barua haina cha kuegemea.

Na ikiruhusiwa, Julai fedha hiyo haitaonekana tena chini ya kichwa cha madarasa mapya. Itahamia kwenye orodha ya bakaa za mwaka uliopita, mara nyingi kurasa za nyuma za taarifa, pamoja na miradi mingine ya viporo. Hesabu za mwisho za mwaka zinapelekwa kwa Mkaguzi Mkuu ifikapo Septemba 30, na ripoti yake humfikia Rais ifikapo Machi 31 ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayefuatilia madarasa yale mawili aombe kuona orodha hiyo ya bakaa kwenye kikao cha Oktoba, atafute jina la shule, na aulize tarehe ya milango.